Shimo Lililolipiwa Bila Kuchimbwa

Maneno haya niliyatoa mbele ya wakazi na wafanyabiashara wa soko katika ukumbi mmoja wa kijamii huku Eastlands, Nairobi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya ukaguzi wa tenda za kaunti, na akanionya nisije na lugha ya ofisini. Nitajaribu. Nimekagua hesabu za umma miaka mingi kabla ya kustaafu, na lugha ile imenikaa mdomoni kama ladha ya mwarubaini. Ikinitoka, nipigieni kelele.

Najua nikitaja ufisadi wa tenda, nusu ya ukumbi huu inawaza wilibaro. Bungoma, mwaka 2015, wilibaro 10, kila moja Sh109,320. Nchi nzima ilicheka, na ilikuwa na haki ya kucheka. Lakini wilibaro ni kazi nyepesi kwa mkaguzi. Unaingia duka la vifaa vya ujenzi, unauliza bei, unatoka, umemaliza. Mwizi wa bei ya wilibaro ni mwizi mvivu.

Leo nataka niwaeleze tenda ambayo mshindi wake alikuwa na bei ya chini kuliko wenzake wote waliofika mwisho. Faili lake lilikuwa limepangwa kama kitanda cha hospitali ya misheni. Kazi yenyewe ukiiona unaisifu. Na pesa zikapotea. Kaunti siitaji, kontrakta simtaji, na tarakimu nimezisogeza kidogo ili asitambulike mtu, ila hesabu inafungana vilevile.

Kazi ilikuwa kutengeneza yadi ya soko: kuchimba udongo wa juu na kuuondoa, kumwaga maramu na kuishindilia, kulaza kabro, na kujenga mtaro wa maji pembeni. Eneo lilikuwa mita za mraba 2,400. Vitu vinne tu. Tenda za kweli huwa na vitu hata themanini, lakini kwa leo vinne vinatosha.

Mtauliza, katika mamia ya kandarasi za kaunti, niliifikiaje hii? Mkaguzi hafungui mafaili yote. Muda haupo: Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 tu baada ya mwaka wa fedha kuisha, na hapo katikati kaunti yenyewe bado inaandaa vitabu vyake. Kwa hiyo unachagua. Mimi nilikuwa na tabia moja: naorodhesha kandarasi zote za ujenzi, upande mmoja bei ya mkataba, upande wa pili jumla ya pesa zilizoidhinishwa kwenye mfumo wa malipo. Zile ambazo upande wa pili umeupita wa kwanza, naziweka kando. Yadi ya soko ilikuwa na mkataba wa Sh7,398,000, na malipo yaliyoidhinishwa yalikuwa Sh7,958,000. Tofauti ya Sh560,000. Si kubwa. Mwenzangu aliniambia niiache, kuna kubwa zaidi. Nikaichukua kwa sababu soko lilikuwa karibu na hoteli tuliyolala. Siwafichi, ukaguzi nao una mambo kama hayo.

Siku ya kwanza nilisoma faili. Hapa swali ni moja: je, sheria imefuatwa? Sheria yenyewe ni ile ya ununuzi wa umma na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za 2020. Nikaanza kufunua karatasi. Kazi ilikuwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na fungu lake kwenye bajeti lilikuwepo. Sheria inakataza kuanza tenda kabla pesa haijatengwa. Tangazo lipo. Kamati ya kufungua zabuni ilikaa, ikasoma bei kwa sauti, ikatia sahihi. Kamati ya tathmini ilimaliza ndani ya siku 30. Mkuu wa ununuzi akaandika maoni yake ya kitaalamu. Barua kwa mshindi na barua kwa walioshindwa zilitoka siku moja, halafu zikasubiriwa siku 14, muda ambao aliyeshindwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwenye bodi ya rufaa, ndipo mkataba ukatiwa sahihi. Nilitafuta tarehe iliyopinda, sikuipata. Niamini, mara nyingi ninyi huambiwa faili limepotea. Hili lilikuwa na hata risiti za chai ya kamati.

Palikuwa na jambo moja lililonikwaza. Zabuni saba zilipokelewa, nne zikaanguka kwenye hatua ya kwanza ya kukagua masharti ya lazima. Mojawapo ya hizo nne ilikuwa na bei ya Sh6.9 milioni, chini kuliko ya mshindi. Iliangushwa kwa sababu kurasa zake hazikupigwa nambari kwa mfululizo.

Naona mnatikisa vichwa. Mimi pia nilitikisa. Lakini sheria inaagiza waziwazi kwamba mwenye zabuni azipige nambari kurasa zake zote, na sababu yake ina maana: kurasa zenye nambari haziwezi kuchomolewa wala kuchomekwa usiku. Swali la mkaguzi hapo haliwi kwamba sharti ni dogo au kubwa. Swali ni kama kipimo kilichomwangusha huyu kilitumika kwa wote. Basi nilichukua zabuni ya mshindi nikahesabu kurasa zake mwenyewe, moja hadi ya mwisho, nikirudia nilipopitiwa na usingizi. Zote zilikuwa na nambari. Nikachukua za wawili waliobaki, nazo sawa. Kwa hiyo yule wa Sh6.9 milioni aliangushwa kihalali, na sikuandika hoja juu yake. Mkaguzi anayeandika kwamba wa bei ya chini angepewa tu kwa kuwa ni wa bei ya chini, anajiaibisha mbele ya kamati.

Jioni ile, kwa upande wa sheria, nilikuwa sina kitu. Lakini Katiba haikuishia kwenye sheria. Inasema ripoti ya ukaguzi ithibitishe kama pesa ya umma imetumika kihalali na pia kwa namna yenye tija. Ni maswali mawili. Faili linajibu la kwanza. La pili halijibiwi na faili peke yake, na hapa ndipo watu wengi, hata wakaguzi vijana, hufunga daftari mapema.

Siku ya pili nilifungua mchanganuo wa kazi na bei, ule ambao makontrakta huuita bii-kyuu. Kila mwenye zabuni anajaziwa vipimo na mhandisi wa kaunti, yeye anaandika bei yake kwa kila kipimo, anazidisha, anajumlisha. Kamati ya tathmini huangalia mstari wa mwisho, ile jumla. Mimi nikachukua karatasi kubwa nikapanga bei za vipande: makadirio ya mhandisi, kisha mshindi, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mshindi nimwite Kontrakta A, na wa pili wake B.

Bei ya maramu, karibu sawa kwa wote. Bei ya mtaro, karibu sawa. Kwenye kuchimba, mhandisi alikadiria Sh650 kwa mita moja ya ujazo. B aliandika Sh600, wa tatu Sh700. A aliandika Sh1,900. Karibu mara tatu. Kisha ukishuka kwenye kabro, B aliandika Sh1,900 kwa mita ya mraba, na A Sh1,450.

Yaani A alikuwa ghali sana kwenye udongo na rahisi sana kwenye kabro, na mwishoni jumla yake ikawa Sh7,398,000 dhidi ya Sh7,525,000 za B. Alishinda kwa Sh127,000.

Kwa nini mtu apange bei hivyo? Kuna sababu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu moja si dhambi kubwa. Ya kwanza ni ya kibiashara. Kuchimba ndiyo kazi ya mwanzo, na malipo yake ndiyo ya mwanzo. Ukiweka bei nono huko unapata pesa mapema, unanunulia kabro bila kukopa benki. Kaunti hukawia kulipa, kila mtu anajua, na kontrakta hujihami. Sababu ya pili ni kwamba unajua, au umenong'onezwa, kwamba vipimo vitabadilika: kuchimba kutaongezeka na kabro itapungua. Ukijua hilo, unapandisha bei ya kitakachokua na kushusha bei ya kitakachosinyaa. Jumla inabaki ya chini siku ya kufungua zabuni, na faida inakuja baadaye.

Nyaraka sanifu za zabuni za ujenzi, zile zinazotolewa na mamlaka ya udhibiti wa ununuzi, zina kifungu kwa ajili ya mambo haya haya. Kamati ikiona bei za vipande zimelemea upande mmoja, inaweza kumtaka mwenye zabuni aeleze jinsi alivyozipata. Kamati hii haikuuliza. Mkuu wa ununuzi kwenye maoni yake hakutaja. Makadirio ya mhandisi yenye Sh650 yalikuwa kwenye faili lilelile, kurasa chache kutoka kwa Sh1,900. Hii ikawa hoja yangu ya kwanza, na ni hoja ndogo: hamkuvunja sheria kwa kumpa wa bei ya chini, lakini mlikuwa na swali la kuuliza na hamkuliuliza.

Sasa tuje kwenye zile Sh560,000.

Miezi miwili baada ya mkataba kutiwa sahihi, mhandisi aliandika waraka wa kuomba mabadiliko ya kazi. Alisema chini ya yadi wamekuta udongo mweusi wa mfinyanzi. Ninyi wa Embakasi na Njiru mnaujua, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukijenga juu yake bila kuuondoa, kabro itapanda na kushuka kama mawimbi. Sababu nzuri kabisa. Akaomba kina cha kuchimba kitoke sentimita 30 hadi sentimita 55. Kwa mita za mraba 2,400, mita za ujazo 720 zikawa 1,320. Waraka huohuo ukasema kuna wafanyabiashara upande mmoja wa yadi waliokataa kuhama, kwa hiyo kabro itapungua kutoka mita za mraba 2,400 hadi 2,000.

Udongo umeongezeka, kabro imepungua. Sawasawa na bei za A zilivyopangwa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mita 600 za ziada kwa Sh1,900 ni Sh1,140,000. Mita 400 za kabro zilizoondolewa, kwa Sh1,450, ni Sh580,000. Toa, unabaki na Sh560,000 za kuongeza. Kaunti ikaandika kwamba ongezeko ni kama asilimia 7.6 ya bei ya mkataba, na sheria inaruhusu mabadiliko yote kwa jumla hadi asilimia 25. Sahihi, muhuri, lipa.

Lakini kifungu hicho, cha 139, hakina dari moja. Kiko hivi: jumla ya bei isiongezeke kwa zaidi ya asilimia 25, na kiasi cha kazi za ujenzi kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 20 ya kile cha awali. Kaunti ilipima bei tu. Ukipima kiasi, uchimbaji ulitoka 720 hadi 1,320, ongezeko la asilimia 83. Tena kifungu kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi. Wao wakajitetea kwamba hawakupandisha bei, waliongeza kazi. Tulibishana nao juu ya maneno hayo mchana mzima. Sitawarudisha huko.

Kilichonishika zaidi ni hesabu nyingine, ambayo sheria haimlazimishi mtu kuifanya. Nilichukua vipimo vipya, vile vilivyolipwa, nikavizidisha kwa bei za B, yule aliyeshindwa. Kuchimba 1,320 kwa Sh600, maramu ileile, kabro 2,000 kwa Sh1,900, mtaro uleule. Ikatoka Sh7,125,000. A aliidhinishiwa Sh7,958,000. Yule aliyekuwa rahisi kwa Sh127,000 siku ya tenda, siku ya kulipwa alikuwa ghali kwa Sh833,000. Hesabu hii inafanyika kwa dakika kumi, na ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha hasara bila kumwita mtu mwizi. Haithibitishi mnong'ono. Mkaguzi hana sikio la kusikia mnong'ono. Hiyo ni kazi ya wapelelezi.

Hadi hapo nilikuwa nimeamini kwamba udongo ule ulichimbwa kweli. Siku ya tatu nikaenda sokoni.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mizigo inashushwa. Kabro ilikuwa imenyooka. Nilikanyaga kila mahali kutafuta jiwe linalocheza, sikupata. Tuling'oa mawe matatu mbele ya mhandisi, tukayapima, milimita 80 kama mkataba ulivyotaka, si yale ya milimita 60 ya kupitia watu tu. Kama ningekuja kama mheshimiwa, na kamera, ningeisifu kazi na kukata utepe.

Kisha nikaona ngazi.

Pembezoni mwa yadi kulikuwa na vibanda vya kudumu vya mawe, vya zamani kuliko mradi. Kila mlango ulikuwa na ngazi moja ya simiti. Yadi mpya ilikuwa inafika usawa wa chini wa ngazi ile, kama inavyopaswa. Mama mmoja wa omena alikuwa anafagia mlangoni pake. Nikamwuliza, "Mama, kabla ya kabro, ngazi hii ilikuwa hivi?" Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Ngazi ni hiyo hiyo, baba. Ingeenda wapi?"

Hebu fikirini. Ukichimba sentimita 30, ukarudisha maramu sentimita 20 na mchanga kidogo na kabro ya sentimita 8, unarudi karibu pale ulipoanzia. Ukichimba sentimita 55 na kurudisha vilevile, yadi yako inazama sentimita 25. Maji yote ya mtaa yangekuja kulala sokoni, na mama yule angehitaji ngazi mbili. Ili isizame, lazima ulete kifusi kujaza tofauti. Mita za ujazo 600 za kifusi! Na kwenye mchanganuo, kwenye waraka wa mabadiliko, kwenye vyeti vya malipo, hapakuwa na hata toroli moja la kifusi lililolipwa. Maramu ilibaki mita 480, kama mwanzo. Kontrakta gani ajaze shimo la mita 600 kwa sadaka?

Tukarudi pale tulipong'oa kabro, tukachimba chini. Sehemu tatu. Mchanga, kisha maramu ya kama sentimita 20, kisha udongo mwekundu mgumu ambao haujawahi kuguswa na jembe. Mwekundu. Udongo mweusi wa waraka hatukuuona. Mhandisi alisema labda ulikuwa sehemu nyingine ya yadi. Nikamwambia achague yeye sehemu ya nne. Akachagua. Mwekundu.

Halafu kuna wale wafanyabiashara waliokataa kuhama. Vibanda vyao vilikuwa vimesimama palepale, mabati yake yana kutu ya miaka. Kabro iliwazunguka. Lakini karatasi ya vipimo ililipa uchimbaji wa mita za mraba 2,400 zote. Yaani walichimba sentimita 55 chini ya vibanda vyenye watu, na wenye vibanda hawakustuka.

(Hapo ukumbi ulicheka, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Fuko hao!")

Fuko, ndiyo. Na fuko wenye malori. Nilirudi ofisini nikaomba daftari la kila siku la kazi, lile linaloandikwa na msimamizi wa eneo. Ombeni daftari hilo mkipata nafasi, kwa sababu huandikwa na mtu asiyejua uongo wa wakubwa wake umefikia wapi. Daftari lilisema uchimbaji ulichukua siku 6, malori mawili ya kubeba udongo. Udongo ukichimbwa hutanuka, mita moja inakuwa kama moja na robo, kwa hiyo mita 1,320 zinakuwa 1,650 ndani ya lori. Lori la kawaida la tani kumi linabeba kama mita 7. Hizo ni safari kama 236. Gawanya kwa malori mawili kwa siku 6: kila lori karibu safari 20 kwa siku. Kwa saa nane za kazi, ni dakika 24 kupakia, kwenda, kumwaga na kurudi. Jalala, kwa mujibu wa daftari lilelile, lilikuwa kilomita 8. Ninyi mnaojua foleni ya Jogoo Road, nisiseme zaidi.

Kwa hiyo tukaandika. Uchimbaji uliothibitika ni mita za mraba 2,000 kwa sentimita 30, sawa na mita za ujazo 600. Uliolipwa ni 1,320. Zilizolipwa bila kuchimbwa ni 720, kwa Sh1,900, jumla Sh1,368,000. Tukaambatisha picha za mashimo manne yenye rula ndani, picha ya ngazi, nakala ya daftari na karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ilikuwa imesaini kwamba kazi yote imekamilika kulingana na mkataba. Wajumbe watatu. Nilipowauliza, mmoja alikuwa karani wa idara nyingine, akaniambia kwa unyofu alioutoa moyoni: "Sisi tulifika, tukaona kabro, tukasaini. Ya chini tungeyaonaje?" Sikumlaumu sana. Kilichofunikwa hupimwa kabla ya kufunikwa. Ukimwita mtu baada ya kabro kulazwa, umemwita kwenye arusi, hukumwita kwenye posa. Ilibidi vipimo vya kina vichukuliwe wakati shimo liko wazi, na kila upande utie sahihi siku hiyohiyo. Karatasi ya vipimo ilikuwa na tarehe ya wiki tatu baada ya uchimbaji kuisha.

Kaunti ilijibu kwa barua ndefu. Sehemu kubwa ilikuwa ni nakala za yale ambayo nilikuwa nimeshayakubali: tangazo, muhtasari wa kamati, barua za matokeo. Hili mtalikuta mara nyingi. Ukiuliza juu ya shimo, unajibiwa kwa faili. Juu ya shimo lenyewe waliandika mstari mmoja, kwamba wataalamu walijiridhisha.

Hoja iliingia kwenye ripoti, ripoti ikapelekwa kwenye bunge la kaunti na Seneti. Wakati huo kaunti ilikuwa bado imezuilia asilimia 5 ya pesa za kontrakta hadi kipindi cha kusubiri kasoro kiishe, Sh397,900. Tukapendekeza zisitoke, na kilichobaki kidaiwe. Zile zilizozuiliwa hazikutoka. Zilizobaki, hadi ninastaafu, sikuona risiti yake. Mkaguzi hana polisi. Anaandika, anapeleka, na wengine wanaamua.

Mama wa pale nyuma, naona mkono. Tafadhali.

Aliuliza: "Sisi wa sokoni hatuna ofisi, hatuna mhandisi. Tutajuaje?"

Asante, mama. Huhitaji mhandisi kuanza. Tangu 2016 tuna sheria ya kupata habari, na inakuruhusu uandike ombi kwa Kiswahili. Si hisani, imeandikwa. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikunyima au ikinyamaza, unakwenda kwa ofisi ya Ombudsman. Tatizo ni kwamba watu huomba vibaya. Wanaandika, "tunaomba habari zote za mradi wa soko," na wanapewa bango lenye picha ya gavana. Omba karatasi kwa jina lake. Omba mchanganuo wa kazi na vipimo ulio kwenye mkataba. Omba waraka wowote wa mabadiliko. Omba karatasi za vipimo zilizoambatishwa kwenye cheti cha mwisho cha malipo.

Wanaweza kukuambia bei za kontrakta ni siri ya biashara, na pengine mtabishana. Usigombane sana hapo. Chukua vipimo. Urefu, upana, kina, idadi: hakuna siri ya biashara ndani ya kina cha shimo. Na wakikupa cheti cha malipo peke yake, kirudishe uombe karatasi ya vipimo, maana cheti ni jumla tu, hakikuambii chochote.

Pia kazi ikiwa bado wazi, shimo halijafukiwa, piga picha ukiwa na kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Kreti ya soda. Debe. Hiyo picha moja ya siku ile ingeniokoa mimi mashimo manne na ubishi wa wiki mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kitu kimoja tu. Nilipoingia niliona mtaro mpya hapo nje, na bango linasema una mita 180. Kwenye mkoba wangu nina futi kamba ya mita 30. Jua bado lipo. Vijana wawili wanishikie ncha moja, na mama wa swali atuandikie.